Miaka 20 ya hataza: nani hulipa, nani hukosa dawa?

Ukifika asubuhi katika kliniki ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI kwenye hospitali yoyote ya serikali mjini Homa Bay au Migori, utaona watu wakitoka na kopo la plastiki mkononi, wakaliweka katika mkoba na kwenda zao sokoni au ziwani. Ndani ya kopo mna vidonge vinavyoitwa TLD. Mgonjwa humeza kimoja kwa siku, na hatozwi chochote dirishani.

Kidonge hicho hakitolewi bure na kiwanda. Kuna anayekilipia. Mnamo Agosti 2023 hazina ya kimataifa ya kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ijulikanayo kama Global Fund, ilitangaza kwamba imepata TLD kwa bei iliyo chini ya dola 45 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Hizo ni kama shilingi elfu sita za Kenya.

Sasa rudi nyuma hadi mwaka 2000. Dawa tatu za kupunguza makali ya virusi, zikitumiwa pamoja, ziligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka huko Ulaya na Marekani. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya laki saba. Fedha ambazo mwaka 2023 zilinunua TLD ya wagonjwa 222 zilitosha mgonjwa mmoja tu. Na hapa Nyanza Kusini ndipo penye mzigo mkubwa: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba watu wazima 19.6 kati ya kila 100 katika kaunti ya Homa Bay walikuwa na virusi, na 13 kati ya kila 100 katika Migori.

Huenda ukauliza: je, kutengeneza kidonge kulikuwa kugumu hivyo mwaka 2000, kisha kukawa rahisi? La hasha. Kemia ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni nani aliyeruhusiwa kukitengeneza. Ndiyo sababu wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo habari za dalili na vipimo, tuzungumze juu ya karatasi moja ya kisheria ambayo haionekani hospitalini, lakini inaamua nani atapona.

HATAZA NI NINI?

Hataza, ambayo wengine huita patenti, ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi. Inasema kwamba kwa muda fulani hakuna mtu mwingine atakayetengeneza, kuuza au kuingiza nchini kitu hicho bila idhini yake. Kwa kubadilishana, mvumbuzi huandika waziwazi jinsi kitu kinavyotengenezwa, ili muda ukiisha kila mtu aweze kukitengeneza. Nchini Kenya hati hizi hutolewa na ofisi ya serikali iitwayo KIPI iliyoko Nairobi, au hupitia shirika la nchi za Afrika liitwalo ARIPO lililoko Harare.

Muda wenyewe ni miaka 20 tangu siku ombi lilipopelekwa. Kiasi hiki kimo katika mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, ulioanza kufanya kazi 1995, na Kenya ni mwanachama tangu mwaka huo huo. Kabla ya mkataba huo kila nchi ilijipangia. India, kwa mfano, haikutoa hataza za dawa zenyewe tangu miaka ya 1970 hadi 2005, na ndiyo maana viwanda vyake vikajifunza kutengeneza karibu kila dawa iliyovumbuliwa kwingineko.

Kwa nini mvumbuzi apewe ulinzi huu? Sababu ni kwamba dawa ni ghali kuivumbua, lakini ni rahisi mno kuiiga. Kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban moja tu ndiyo hufika sokoni. Tisa zilizoshindwa zote zimekula fedha, na lazima zilipwe na hiyo moja. Wataalamu hawakubaliani juu ya gharama kamili. Wengine wanataja mamia ya mamilioni ya dola, na uchunguzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani ulifikisha dola bilioni 2.6 kwa kuhesabu waliofeli na riba ya fedha zilizokaa miaka mingi bila kuzaa. Lakini kidonge kikishajulikana, mkemia hodari anaweza kukisoma na kukitengeneza upya kwa sehemu ndogo sana ya gharama hiyo. Kama kila mtu angeruhusiwa kuiga siku ya pili, bei ingeshuka hadi gharama ya kiwandani na aliyetumia mabilioni asingerudishiwa hata senti. Mwaka unaofuata asingejisumbua tena.

Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeibeza hajafikiri vyema. Sasa tutazame upande wa pili.

WAGONJWA MIA MOJA WA KIJIJI KIMOJA

Tuchukue mfano wa kubuni, kijiji kimoja kando ya barabara inayotoka Rongo kwenda Homa Bay. Kuna wagonjwa 100 wanaohitaji dawa fulani kila mwezi. Kuitengeneza dozi ya mwezi mmoja na kuifikisha dukani hugharimu shilingi 300. Mifuko ya wagonjwa hailingani, kama ilivyo kila mahali nchini mwetu. Kumi ni watu wenye mishahara minono au magari ya abiria, na kila mmoja anaweza kulipa hadi shilingi 8,000. Ishirini ni walimu na wenye maduka wanaoweza kufika 2,000. Arobaini ni wavuvi, wakulima na wachuuzi ambao wakijikaza watatoa 800. Thelathini waliobaki hawawezi kupata hata zile 300.

Tuseme kampuni moja tu ndiyo yenye hataza. Itauza kwa bei gani? Ikiuza kwa shilingi 800, itawapata wateja 70, na kwa kila mmoja itabaki na faida ya 500, jumla 35,000. Ikipandisha hadi 2,000, itabaki na wateja 30 na faida ya 51,000. Ikipandisha hadi 8,000, itabaki na wateja kumi tu, lakini faida itakuwa 77,000. Kampuni si lazima iwe na roho mbaya. Ikipiga hesabu tu, itachagua 8,000.

Sasa angalia kwa makini ni nini kimetokea. Wale kumi matajiri wamelipa shilingi 77,000 zaidi ya gharama. Fedha hizo hazikupotea. Zimetoka mfuko mmoja zikaingia mwingine, na huenda zitalipia utafiti. Lakini wale sitini wa kati, walimu na wavuvi, wamekosa dawa ambayo walikuwa tayari kuilipia zaidi ya gharama yake. Mwalimu angetoa 2,000 kwa kitu cha 300, na hivyo kungekuwa na manufaa ya 1,700. Walimu ishirini ni 34,000. Mvuvi angetoa 800, na manufaa ni 500. Wavuvi arobaini ni 20,000. Jumla ni shilingi 54,000 kila mwezi ambazo hazikumfikia mgonjwa, wala kampuni, wala serikali. Zimeyeyuka. Wanauchumi wana jina la hasara ya namna hii. Sisi tuiite hasara isiyomfaidi mtu.

Hapa niweke neno langu. Hesabu hii ya wanauchumi hupima maisha kwa uzito wa mfuko. Wale thelathini wasioweza kutoa 300 hawamo kabisa ndani yake, kana kwamba hawaumwi. Kwao hata bei ya chini kabisa haitoshi, na lazima kuwe na serikali au mfadhili wa kuwanunulia. Hata hivyo bei bado inawahusu, kwa sababu fedha za mfadhili zina kikomo, na bei ndiyo inayosema zitatosha watu wangapi. Mwaka 2025, Marekani ilipokata ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya afya, jambo hili lilionekana wazi kuliko wakati mwingine wowote.

Somo jingine la mfano huu ni kwamba ukosefu wa usawa ndio uliofanya bei kupaa. Kama wote 100 wangekuwa na mifuko inayokaribiana, kampuni ingevutiwa na bei ya kuwafikia wengi. Pale wachache walipo na fedha nyingi na wengi wana kidogo, hataza huelekea kuwatumikia wachache.

JE, MIAKA MINGAPI INATOSHA?

Basi kuna mambo mawili yanayovutana. Hataza ikiwa fupi mno, dawa mpya hazitavumbuliwa. Ikiwa ndefu mno, zinavumbuliwa lakini wengi wanazikosa kwa muda mrefu. Mwanauchumi wa Marekani William Nordhaus, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, aliliandika swali hili kwa hesabu mwaka 1969: mwaka mmoja wa ziada wa hataza unaongeza nini, na unapoteza nini?

Jibu lake ni rahisi kuelewa ukikumbuka jinsi mkopeshaji anavyofikiri. Shilingi 100 utakazopata baada ya miaka ishirini si sawa na shilingi 100 za leo. Kwa riba ya asilimia kumi kwa mwaka, shilingi 100 za baada ya miaka 20 ni sawa na shilingi 15 hivi za leo. Kwa hiyo anayeamua leo kama ataweka fedha zake katika maabara, huitazama faida ya mbali kama mtu anayetazama kisiwa cha Mfangano akiwa ufuoni: anakiona, lakini ni kidogo.

Tuseme dawa italeta faida ya shilingi milioni 100 kila mwaka. Hataza ya miaka 10 ina thamani ya milioni 614 kwa leo. Ya miaka 20 ina thamani ya milioni 851. Ya miaka 30 ni milioni 943. Na kama hataza ingekuwa ya milele, thamani ingekuwa milioni 1,000 tu. Unaona basi kwamba miaka kumi ya kwanza hubeba zaidi ya nusu ya motisha yote, miaka kumi ya pili huongeza kiasi cha wastani, na kutoka ishirini hadi thelathini huongeza kidogo sana. Lakini wale wagonjwa sitini wa kijijini hukosa dawa katika mwaka wa ishirini na tano sawasawa na walivyokosa katika mwaka wa kwanza. Motisha hupungua kila mwaka unaoongezwa, na hasara haipungui kwa kasi hiyo. Kuna mahali ambapo mwaka wa ziada hauleti faida ya kutosha, na hapo ndipo pa kusimama.

Usidhani kwamba miaka 20 ilitokana na hesabu hii. Ilitokana na majadiliano ya kibiashara. Tena ile miaka 20 si yote inayotumika. Ombi hupelekwa mapema, kabla ya majaribio kwa binadamu, na saa huanza kuhesabu papo hapo. Dawa ya dolutegravir, ambayo ndiyo herufi D katika TLD, iliombewa hataza mwaka 2006 na ikaruhusiwa Marekani Agosti 2013. Miaka saba ilikwisha kabla ya kidonge cha kwanza kuuzwa, ikabaki kumi na mitatu hadi 2026. Makampuni hulalamika juu ya jambo hili, na malalamiko hayo yana msingi. Dawa inayohitaji majaribio marefu hupata ulinzi mfupi, ingawa huenda ndiyo inayohitajika zaidi.

Wengine huutafuta ulinzi zaidi kwa mlango wa nyuma. Hataza ya kwanza ikikaribia kuisha, huombwa ya pili juu ya chumvi ya dawa ile ile, au umbo la kidonge, au namna ya kuichanganya na nyingine. Bedaquiline, dawa ya kifua kikuu sugu, ni mfano mzuri. Hataza yake kuu ilikwisha Julai 2023 nchini India, na kampuni ya Johnson & Johnson ilitaka nyingine, juu ya chumvi ya dawa hiyo, ya kufikia 2027. Wanawake wawili waliopona kifua kikuu, mmoja wa India na mwingine wa Afrika Kusini, waliipinga, na Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikaikataa. Miezi michache baadaye matibabu ya miezi sita yalikuwa yakinunuliwa kwa dola 130 kupitia mpango wa kimataifa wa ununuzi. Ukitaka kujua kama hataza ya pili ni ya haki, uliza swali moja: je, kitu kipya kinamtibu mgonjwa vizuri kuliko cha zamani, au kinamzuia tu mtu mwingine kukitengeneza cha zamani?

MPAKA WA ISEBANIA

Sasa tuje kwetu hasa. Soko la dawa la Afrika kusini mwa Sahara ni kama asilimia moja tu ya soko la dunia. Fedha zinazolipia maabara hutoka Marekani, Ulaya na Japani. Kwa hiyo ukiondoa hataza ya dawa ya UKIMWI mjini Homa Bay, motisha ya mvumbuzi aliyeko London haipungui kiasi cha kuonekana. Lakini hasara isiyomfaidi mtu inayoondolewa hapa ni kubwa mno, kwa kuwa wagonjwa ni wengi na mifuko ni midogo. Hesabu ya Nordhaus ikifanywa kwa Homa Bay peke yake haitaleta miaka 20. Italeta michache sana, pengine hata sufuri.

Mkataba wa TRIPS wenyewe unakubali jambo hili kwa kiasi. Nchi zilizo katika orodha ya zile zenye maendeleo duni zaidi hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Tanzania na Uganda zimo katika orodha hiyo. Kenya haimo. Ukisimama Isebania katika kaunti ya Migori, ukatazama Sirari ng'ambo ya pili, watu ni wale wale, lugha ni zile zile, na malaria ni ile ile, lakini sheria ya kimataifa inaidai Kenya kitu ambacho haiidai Tanzania. Orodha hiyo hutazama nchi nzima, wala haijui kwamba kuna Homa Bay na kuna Nairobi ya mitaa ya kifahari.

Kenya ilitafuta njia yake nyingine. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba itaziuza dawa tatu za UKIMWI kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Mwaka huo huo MSF lilianza kuwapa wagonjwa dawa hizo katika hospitali ya Homa Bay, miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kufanya hivyo. Na mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyoanza kutumika 2002. Sheria hiyo inaruhusu kuingiza dawa iliyouzwa kihalali katika nchi nyingine kwa bei ya chini, na inampa waziri uwezo wa kuamuru kwamba dawa yenye hataza itengenezwe na mwingine kwa ajili ya umma, mwenye hataza akilipwa fidia.

Silaha ikiwa ukutani, si lazima ipigwe. Mwaka 2004 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikubali kuipa kampuni ya Cosmos ya Nairobi leseni ya kutengeneza baadhi ya dawa zake za UKIMWI. Kwa dolutegravir, mwenye hataza alitoa leseni mwaka 2014 kupitia chombo cha kimataifa kiitwacho Medicines Patent Pool, na viwanda vingi vya India vikaanza kushindana. Kenya ikaanza kuitumia 2017, miaka minne tu baada ya Marekani. Dawa za kwanza zilikuwa zimetuchelewea kwa muda mrefu zaidi ya huo, na waliokufa wakizisubiri tunawakumbuka kwa majina katika kila familia ya pwani ya ziwa.

Kuna mtego mmoja katika mpango wa bei mbili. Dawa ya bei ya chini ikivuja kurudi nchi tajiri, mfuko unaolipia utafiti hutoboka. Si woga wa bure. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba dawa za UKIMWI zilizopunguzwa bei kwa ajili ya Afrika zilikuwa zikiuzwa Uholanzi. Ndiyo sababu siku hizi leseni nyingi hutaja nchi moja moja, na pakiti hutengenezwa kwa rangi au maandishi tofauti.

Mtego mwingine ni wa hapa nyumbani. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria dhidi ya bidhaa ghushi, na maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba dawa jeneriki, yaani dawa halali ile ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ingeweza kukamatwa kama bandia. Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki yao ya kuishi. Ni vyema nawe msomaji uzishike tofauti hizi. Dawa bandia hudanganya juu ya kilichomo au aliyeitengeneza. Dawa jeneriki ina kiungo kile kile kwa kipimo kile kile, na jina la mtengenezaji wake limeandikwa waziwazi. Ukiwa dukani na mwenye duka akakuletea pakiti ya jina usilolijua, soma maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo pameandikwa kiungo chenyewe na kipimo chake. Yakilingana na alichoandika daktari, na dawa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, bei ya chini si ishara ya ubovu.

PALE HATAZA ISIPOFANYA KAZI KABISA

Mnamo Septemba 13, 2019, katika kaunti ya Homa Bay, Kenya ilizindua chanjo ya kwanza ya malaria, iitwayo RTS,S. Watoto wa Ndhiwa walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Chanjo hiyo ilitengenezwa katika maabara ya kampuni ambayo leo inaitwa GSK mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi ya kawaida Oktoba 2021. Hiyo ni miaka 34. Hataza yoyote ya mwaka 1987 ingekuwa imekufa zamani.

Je, hataza ndefu zaidi ingeiharakisha? Hapana. Hata ungeipa miaka mia, asilimia fulani ya sufuri ni sufuri. Wanaougua malaria kali ni watoto wa watu wasio na fedha, na hakuna wale kumi wa kijijini wa kulipa 8,000. Kilichoisukuma chanjo hiyo ni fedha za misaada tangu 2001, pamoja na majaribio yaliyofanywa katika nchi saba za Afrika, yakiwemo ya Kombewa na Siaya. Hataza hulipia ugonjwa wa matajiri, au ugonjwa ambao matajiri na maskini wanaugua pamoja. UKIMWI ulipata dawa haraka kwa sababu uliwaua pia watu wa New York na Paris. Kwa malaria lazima mlango uwe mwingine: fedha za umma zinazotolewa mwanzoni, au ahadi ya kununua chanjo ikifaulu.

SINDANO YA MIEZI SITA

Swali hili halijaisha, na sasa limerudi na jina jipya: lenacapavir. Ni sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka ili kumkinga asiye na virusi. Juni 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uganda na Afrika Kusini: kati ya wanawake 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani iliiruhusu Juni 2025, na kampuni ya Gilead ikaipangia bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Septemba mwaka huo huo yalitangazwa makubaliano kwamba viwanda vya India vitaitoa kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, kwa nchi zilizomo katika leseni.

Gawanya mwenyewe, na utaona kwamba bei ya kwanza ni zaidi ya mara mia saba ya bei ya pili, ingawa dawa ni moja na hataza ni moja. Tofauti ni kwamba Mmarekani anahesabiwa kama mmoja wa wale kumi wa kijijini, na binti wa Karungu au Mbita anahesabiwa kama mvuvi. Leseni hiyo ya Oktoba 2024 ilipewa viwanda sita na inahusu nchi 120, Kenya ikiwemo.

Waliobaki njiani ni wale wa katikati, kama walimu ishirini wa mfano wetu. Majaribio mengine ya sindano hiyo yalifanywa Brazil, Argentina, Mexico na Peru. Nchi hizo zinahesabiwa kuwa na uwezo wa kati, na hazimo katika orodha ya 120. Mtu wa Rongo atanunuliwa sindano kwa bei ya kiwandani. Mbrazili aliyejitolea kuchomwa wakati bado haijulikani kama inafaa, atasubiri nchi yake ijadiliane na mwenye hataza.